Sura ya Tano: Darasa Lililoitika Ndiyo

Msimu wa mazoezi ya kufundisha ukiisha, meza yangu chuoni hujaa majalada. Walimu tarajali hurudi na azimio la kazi, maandalio ya masomo, shajara, fomu za tathmini zenye muhuri wa shule, na mwisho wa jalada ripoti ya tafakuri. Ripoti hiyo inatakiwa ichukue kipindi kimoja kilichokwenda vibaya, ieleze kiliharibika wapi, na iseme mwalimu alibadilisha nini baada ya hapo. Nyingi zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Wanafunzi walikuwa wengi, madawati hayakutosha, zana zilikuwa haba, muda ulikwisha kabla ya hitimisho, na siku nyingine nitajiandaa vizuri zaidi. Wala hawasemi uongo. Ila ukifuta neno Hisabati ukaandika Sayansi, ripoti inabaki ileile, na hapo ndipo unapojua kwamba mwandishi hajaongelea kipindi chake.

Ripoti ninayoieleza hapa ilianza hivyohivyo, kisha ikaandikwa upya. Mwenyewe alikuwa mwanachuo wa stashahada ya ualimu wa msingi, kijana mpole, mwenye mwandiko mzuri ubaoni. Alipangiwa Darasa la Nne katika shule ya serikali nje kidogo ya mji wa Morogoro, wanafunzi zaidi ya sabini katika chumba kimoja. Mada ilikuwa kulinganisha sehemu: mtoto apewe sehemu mbili, aseme ipi ni kubwa. Mimi nilikuwa nimekaa dawati la nyuma na fomu yangu ya tathmini.

Kipindi kilivyokwenda

Kipindi ni dakika 40. Andalio lilikuwa safi, umahiri umeandikwa, hatua zimegawanywa kwa dakika. Ukutani alibandika bango la manila lenye maduara mawili. La kwanza lilionesha theluthi, la pili robo, na katika kila duara kipande kimoja kilipakwa rangi nyekundu.

Alianza na swali jepesi. "Nusu na robo, ipi kubwa?" Darasa likajibu kwa sauti moja, "Nusuuu!" Akasonga mbele. "Theluthi na robo?" Hapo sauti zikagawanyika, nyingine zikisema theluthi, nyingine robo, na za robo ndizo zilizokuwa nyingi. Akagonga bango kwa rula. "Angalieni hapa. Theluthi ndiyo kubwa, sivyo?" Wakaitika, "Ndiyo mwalimu!" Akauliza kama wameelewa. Wakaitika tena, kwa nguvu zaidi. Akaandika zoezi ubaoni. Watoto walitakiwa kuzungushia sehemu iliyo kubwa katika kila jozi:

(a) 1/5 na 3/5
(b) 2/7 na 4/7
(c) 1/2 na 3/4
(d) 1/3 na 1/4
(e) 2/3 na 2/5

Alisahihisha akipita katikati ya madawati, akamalizia ofisini. Wengi walipata 3 kati ya 5. Katika ripoti yake ya kwanza aliandika kwamba uelewa wa darasa ulikuwa wa wastani, kwamba maswali ya mwisho yalikosewa kwa sababu watoto walikuwa wamechoka, na kwamba kelele zilimlazimu kuharakisha. Akaahidi kuboresha usimamizi wa darasa na kuongeza zana.

Alama 3 kati ya 5 humfanya mwalimu apumue. Anaona kwamba mtoto anajua zaidi ya nusu ya mada, na kilichobaki ataongezewa. Lakini hebu chukua mtoto asiyejua chochote kuhusu sehemu, anayeziona kama namba mbili nzima zilizopangwa moja juu ya nyingine, na anayechagua palipo na tarakimu kubwa. Mpe zoezi lile. Katika (a) atachagua 3/5, kwa kuwa 3 ni kubwa kuliko 1, na atapata. Katika (b) atachagua 4/7, atapata. Katika (c) atachagua 3/4, kwa kuwa 3 inazidi 1 na 4 inazidi 2, atapata tena. Katika (d) ataona 4 inazidi 3, atazungushia 1/4, atakosa. Katika (e) ataona 5 inazidi 3, atazungushia 2/5, atakosa. Jumla, 3 kati ya 5.

Kwa hiyo ile 3 haikuwa ya wastani wa kitu chochote. Darasa karibu lote lilikuwa na fikra moja, fikra hiyo ilikuwa na makosa, na zoezi liliipa alama nzuri mara tatu kabla ya kuikamata. Watafiti wa elimu ya hisabati wameichunguza kwa miaka mingi tabia hii ya kuipeleka namba nzima mahali pasipo pake, na wameikuta katika nchi nyingi. Mtoto ametumia miaka yake yote ya shule akijifunza kwamba 4 inazidi 3. Ghafla anaambiwa kwamba ukiiweka 4 chini ya mstari, mambo yanageuka. Hakuna sababu ya jambo hilo kumwingia akilini kwa kugongewa bango.

Madaftari mezani

Katika ofisi ya walimu nilimwomba anipe madaftari yote, tukayapanga bila kutazama alama. Fungu moja la waliokosa (d) na (e) kwa pamoja, fungu la pili la wengine wote. Fungu la kwanza lilirundikana hadi likaanza kuteleza.

"Mwalimu, hawa wote wamekosa maswali mawili yaleyale?" nilimuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni ya mwisho, walikuwa wamechoka."

"Mtoto aliyechoka hukosea ovyo. Huyu anakosa hili, mwenzake anakosa lile. Hawa wamekosea kwa mpangilio."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema atawauliza wenyewe. Wakati wa mapumziko aliwaita watoto watatu kutoka fungu lile, mmojammoja, akamfungulia kila mmoja daftari lake na kuuliza swali moja tu: hapa ulifikirije? Ukiuliza "kwa nini umekosa", mtoto wa Darasa la Nne anaangalia chini. Ukimuuliza alivyofikiri, anaeleza. Msichana wa kwanza alisema robo ni kubwa kwa sababu nne inaizidi tatu. Wa pili alisema vipande vinne ni vingi kuliko vitatu. Wa tatu, mvulana, alijibu kwa kujiamini: "Hata pale kwenye bango, mwalimu, robo ndiyo kubwa."

Tukarudi darasani kuliangalia bango. Mtoto alisema kweli. Duara la theluthi lilichorwa kwa kuzungushia sahani, la robo kwa kuzungushia kifuniko cha ndoo, hivyo la pili lilikuwa kubwa. Tena duara la theluthi liligawanywa kwa mistari miwili iliyosimama, kipande cha katikati kikawa kinene na vya pembeni vyembamba, na kilichopakwa rangi kilikuwa cha pembeni. Rangi nyekundu ya robo ilizidi ile ya theluthi kwa macho matupu. Mwalimu aligonga bango akisema theluthi ni kubwa, watoto wakaona vinginevyo, wakaitika ndiyo kwa sababu mwalimu ndiye aliyeuliza.

Zana ile ilivunja masharti mawili ambayo bila hayo sehemu hazilinganishiki kabisa: vitu vizima viwe na ukubwa sawa, na vipande vya kila kimoja viwe sawa kwa sawa. Watoto wanayajua masharti haya wanapogawana chapati nyumbani. Atakayepewa kipande chembamba atalalamika mwenyewe.

Ngazi sita na mahali watu wanapoteleza

Vyuo vingi hufundisha tafakuri kwa mzunguko aliouweka Graham Gibbs mwaka 1988, wenye hatua sita: eleza kilichotokea, eleza ulivyojisikia, pima kizuri na kibaya, chambua, toa hitimisho, panga hatua inayofuata. Kabla yake, mwaka 1983, Donald Schön alikuwa ametofautisha tafakuri inayofanyika kazi ikiendelea na ile inayofanyika baada ya kazi. Wanachuo wanazijua hatua hizi kwa kichwa. Wanapoteleza ni hatua ya nne. Uchambuzi unahitaji kitu cha kuchambua, na mwalimu tarajali anayeketi jioni na kalamu yake hana kitu mbele yake isipokuwa hisia zake na kumbukumbu ya kelele. Basi anazichambua kelele.

Katika kesi hii ushahidi ulikuwa ndani ya madaftari tangu mwanzo, na uliharibiwa na tabia moja ya kawaida, nayo ni kusahihisha kwa vema na kosa kisha kuandika jumla. Jumla ikishaandikwa, hakuna anayerudi kutazama mtoto alizungushia nini. Fomu zetu wenyewe za tathmini husaidia katika kosa hili. Ile niliyokuwa nayo siku ile ilitaka nipime sauti, mavazi, matumizi ya ubao, matumizi ya zana na ushirikishwaji wa wanafunzi. Kwa ushirikishwaji darasa lile lilistahili alama za juu. Liliitika kila lilipoulizwa.

Dawa iliyozaa ugonjwa wa pili

Kipindi kilichofuata hakikumalizika vizuri, na hili ndilo jambo ninalolipenda katika ripoti ya pili, kwamba halikufichwa. Mwalimu tarajali aliingia darasani na kanuni: asili ikiwa kubwa, sehemu inakuwa ndogo. Asili, kwa asiyekumbuka, ni ile namba ya chini ya mstari, na kiasi ni ya juu. Watoto waliikariri kanuni, wakaiimba, wakaandika zoezi lilelile. Maswali (d) na (e) yakapatikana karibu kwa wote.

Lakini (c) ikaharibika. Watoto ambao siku iliyotangulia waliandika kwamba 3/4 inazidi 1/2, sasa walizungushia 1/2. Ukiwauliza walivyofikiri, jibu lilikuwa tayari: asili ya 1/2 ni ndogo, kwa hiyo sehemu ni kubwa. Kanuni ni sahihi pale ambapo viasi vinalingana, kama katika 1/3 na 1/4 au 2/3 na 2/5, na haisemi chochote pale viasi vinapotofautiana. Mtoto hakuambiwa mpaka wake, naye akaitumia kila mahali. Kwa alama, darasa lilipanda kutoka 3 hadi 4. Kwa uelewa, lilibadilisha kosa moja kwa jingine, na safari hii kosa lilikuwa la mwalimu kuwapa.

Ukanda wa miraba 24

Hapo ndipo alipoacha bango na kanuni, akachukua karatasi za daftari la Hisabati lenye miraba. Alikata kanda zenye upana wa mraba mmoja na urefu wa miraba 24, kila dawati likapata kadhaa. Namba 24 aliichagua kwa sababu inagawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 6 na 8. Nusu ya ukanda ni miraba 12, theluthi ni 8, robo ni 6, moja ya sita ni 4, moja ya nane ni 3. Hakuna ubishi kuhusu kifuniko cha ndoo, kwa kuwa kila ukanda una urefu uleule na miraba inahesabika.

Jambo la pili alilobadilisha ni kuitikia. Kabla ya kugusa karatasi, aliandika jozi ubaoni na kuwaambia watoto wafumbe macho, wabane mkono kifuani na kuonesha vidole: kimoja kama sehemu ya kushoto ni kubwa, viwili kama ni ya kulia, vitatu kama ni sawa. Aliyefumba macho hawezi kumfuata jirani, na mwalimu kwa kutupa jicho mara moja anaona darasa limesimama wapi. Kisha watoto wakapaka rangi kandani, wakaziweka ukanda juu ya ukanda, wakalinganisha na walichokisema. Ubishi ulianza wenyewe. Mtoto aliyeonesha vidole viwili kwa 1/4 aliihesabu miraba 6, akahesabu 8 ya mwenzake, akahesabu tena.

Alipofika kwenye 3/4 na 7/8, msichana mmoja alionesha vidole vitatu. Aliambiwa aeleze. "Ni sawa, mwalimu. Zote zimebakiza kipande kimoja." Fikra hii nayo inajulikana kwa wanaochunguza makosa ya sehemu: mtoto anahesabu vipande vinavyopungua hadi kitu kikamilike, bila kuangalia ukubwa wa vipande hivyo. Mwalimu wa kipindi cha kwanza angesema hapana na kugonga ubao. Huyu alimwuliza, "Kipande kilichobaki huku na kilichobaki huku, kipi ni kikubwa?" Msichana akahesabu: miraba 6 imebaki kwenye 3/4, miraba 3 imebaki kwenye 7/8. Akatulia, kisha akasema kwamba anayebakiza kidogo ndiye mwenye kingi. Ni njia nzuri na fupi ya kulinganisha sehemu zinazokaribia moja, na imetoka ndani ya kosa lenyewe, likiwa limesogezwa hatua moja.

Maswali matatu badala ya matano

Zoezi la mwisho lilikuwa na maswali matatu tu, na hapa ndipo mwalimu yeyote anaweza kuchukua kitu cha kwenda nacho darasani. Mtoto aliruhusiwa kuzungushia sehemu moja au kuandika "sawa":

(a) 1/6 na 1/4
(b) 1/2 na 3/8
(c) 3/4 na 7/8

Pitisha humo kila fikra uone. Anayetazama tarakimu kubwa ataandika 1/6, kisha 3/8, kisha 7/8. Atakosa, atakosa, atapata. Anayefuata kanuni ya asili bila mpaka ataandika 1/4, 1/2, kisha 3/4. Atapata, atapata, atakosa. Anayehesabu vipande vilivyobaki atapata (a) na (b), na katika (c) ataandika sawa. Anayejua atapata yote. Kila fikra ina nyayo zake, na mwalimu wa watoto sabini hahitaji kusoma kila daftari kwa kina. Anapanga mafungu manne juu ya meza na kujua kesho amfundishe nani nini. Alama za jumla zisingemwambia hivyo, kwa sababu aliye kwenye fungu la pili na aliye kwenye fungu la tatu wote wana 2 kati ya 3, na wanahitaji msaada tofauti.

Njia hii ina mipaka, na ripoti iliitaja. Ukanda wa 24 hauwezi kuonesha moja ya tano wala moja ya saba, kwa hiyo zile 2/5 na 4/7 za zoezi la kwanza zingehitaji ukanda mwingine au njia nyingine, kama kulinganisha na nusu: nusu ya 7 ni 3 na nusu, basi 4/7 imeipita nusu, wakati 2/5 haijaifikia. Kukata kanda kwa darasa zima kulimchukua jioni nzima. Kubahatisha nako hakuishi, ndiyo maana aliwauliza kwa mdomo wachache kutoka fungu la waliopata yote. Na fungu la kwanza halikutoweka. Lilipungua hadi watoto wachache ambao, walipokaa naye, ilionekana kwamba hawakuwa na uhakika hata na kugawanya 24 kwa 3. Kwao tatizo lilianzia nyuma ya sehemu, na kanda zisingelitatua.

Azimio la kazi lilikuwa linamsukuma kwenye mada inayofuata, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na huko fikra ileile ya namba nzima humngoja mwalimu mlangoni. Mtoto anayeziona sehemu kama namba mbili zilizopangana atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: 1/2 jumlisha 1/3 ni 2/5. Hatua ya sita ya Gibbs, ile ya kupanga kinachofuata, katika ripoti ya kwanza ilikuwa na sentensi moja kuhusu kujiandaa vizuri na kutumia zana za kutosha. Katika ripoti ya pili kulikuwa na swali ambalo angeliandika ubaoni kabla ya kufundisha njia yoyote ya kujumlisha: ulikuwa na nusu ya ukanda, miraba 12, ukaongezewa theluthi, miraba 8. Mwenzako anasema sasa una 2/5. Je, 2/5 imeizidi nusu uliyokuwa nayo mwanzo, au imepungua? Chini yake alikuwa ameshaorodhesha majibu matatu aliyotarajia kuyakuta kwenye madaftari, na kila jibu lilikuwa na maelezo mafupi ya namna mtoto aliyeliandika angekuwa amefikiri.